Phobia si hofu kila mahali: dhana potofu kuhusu maneno ya Kigiriki wodini

Nafundisha istilahi za kitabibu kwa wanafunzi wa uuguzi, na kila muhula nakutana na daftari lenye mstari uleule, umepigwa rula chini: phobia = hofu, logy = elimu. Mwenyewe ameridhika, Kigiriki kimekwisha.

Dhana: neno likiishia na phobia, mgonjwa anaogopa kitu.

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inaharibu kazi. Chukua photophobia. Photo ni mwanga, phobia ni hofu, basi mwanafunzi anapata "hofu ya mwanga" na kwenda nayo wodini. Pale kuna mama mwenye homa kali, kichwa kinamuuma, shingo imekakamaa, na daktari anashuku homa ya uti wa mgongo. Mwanafunzi anauliza: "Shikamoo mama. Unaogopa mwanga?" Mama anamtazama: "Marahaba mwanangu. Niogope mwanga, kwani mimi popo?" Kwenye faili inaandikwa kwamba photophobia hana, ilhali muda wote huo amejifunika khanga usoni na kugeukia ukutani.

Photophobia ni mwanga kuumiza au kusumbua macho kiasi kwamba mtu anaukwepa. Swali sahihi ni "Mwanga unakuumiza macho?", na kabla ya kuuliza, angalia kama anafumba macho ukifungua pazia. Utaiona pia kwa mwenye kipandauso na kwa mwenye kidonda kwenye konea. Hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji kutulizwa woga.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba neno phobos lilianza mbali kidogo na hofu. Katika tenzi za Homeri ni zaidi kutimua mbio: jeshi linavunjika, watu wanakimbia. Ukishika maana hiyo ya kukimbia na kukwepa, mengi yanafunguka. Mafuta huitwa hydrophobic kwa kuwa hayachanganyiki na maji, wala hayana moyo wa kuogopea. Na hydrophobia ya kichaa cha mbwa? Kiu mgonjwa anayo. Akijaribu kumeza, misuli ya koo inakaza kwa maumivu, na baadaye hata kuletewa kikombe kunaweza kuamsha mkazo huo. Hofu ipo, ila imekuja nyuma ya koo.

Claustrophobia na acrophobia ni hofu kweli, ya mahali palipobana na ya kimo. Kwa hiyo tazama neno limetoka idara gani. Likitoka kwa wataalamu wa afya ya akili, anza na hofu. Likitoka kwenye macho, neva au kemia, anza na kukwepa.

Dhana: logy ni elimu.

Mara nyingi, ndiyo. Lakini logos ni neno, maelezo, hoja. Nimesahihisha karatasi ambamo tetralogy of Fallot imekuwa "elimu ya nne". Tetralogia ilikuwa michezo minne ya kuigiza iliyoshindanishwa pamoja na mtunzi mmoja huko Athene, na kwenye moyo ni kasoro nne zinazokuja pamoja, alizozieleza daktari Mfaransa Fallot mwaka 1888. Na daktari akisema "hakuna pathology kwenye picha", anamaanisha hakuna ugonjwa.

Dhana: anza na kipande unachokijua.

Hapo ndipo otorhinolaryngology inapogeuka kuwa udaktari wa vifaru. Anza mwishoni: -logy, ni fani. Rudi nyuma: laryng, zoloto. Kisha rhin, pua. Kifaru amepewa jina hilo kwa sababu ya pembe yake ya puani, si pua iliyopata jina kwake. Mwisho ot, sikio. Zile o zilizo katikati ni gundi tu, zinarahisisha matamshi na hazina maana yake. Basi hii ni fani ya masikio, pua na koo. Wala si kila neno lina gundi ya o: mineralogy na genealogy zina a, ambayo ni sehemu ya mzizi wenyewe, na wanaoandika "geneology" wamekariri mwisho wa neno bila kuukagua.

Dhana: kila phobia yenye jina refu ni ugonjwa unaotambuliwa.

Hapana. Mtu yeyote mwenye kamusi ya Kigiriki anaweza kuunda jina. Lile la hofu ya maneno marefu, hippopotomonstrosesquippedaliophobia, lenye mnyama kiboko mwanzoni, ni mzaha. Mwongozo wa DSM-5 wa kutambua magonjwa ya akili huweka hofu mahususi chini ya utambuzi mmoja, kisha hutaja aina: wanyama, mazingira ya asili, damu na sindano, hali fulani kama lifti au ndege, na nyinginezo.

Dhana: mzizi mmoja, maana moja.

Ped ya pediatrics ni mtoto, kwa Kigiriki. Ped ya pedal ni mguu, kwa Kilatini. Ped ya pedology, ile ya watu wa kilimo, ni ardhi. Mguu kwa Kigiriki ni pod, ndiyo maana daktari wa miguu ni podiatrist. Ukikutana na ped, usikisie, fungua kamusi.