Wastani mzuri unapodanganya: dhana potofu kuhusu wadudu wa majini na alama zao

Dhana: Wadudu wakiwa wengi, maji ni safi

Wapo pia wanaosema kinyume chake, kwamba maji yenye wadudu ni machafu. Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinahesabu vichwa badala ya kuuliza waliomo ni akina nani. Chota tope kidogo chini ya bomba linalomwaga majitaka kijitoni, ulimimine kwenye sinia jeupe. Utaona mabuu wekundu wakijinyonganyonga kwa mamia. Hao ni wa familia ya Chironomidae, visubi wasiouma. Wekundu wao unatokana na hemoglobini, nayo huwasaidia kuishi pale oksijeni inapokaribia kwisha. Wanaowala na wanaoshindana nao wameshakufa, chakula kimejaa, basi wanazaana watakavyo.

Sasa fuata kijito kuelekea kinakotoka, upite bomba, geuza jiwe kwenye maji yanayokimbia. Kiumbe bapa kama kimekandamizwa kwa kidole kinateleza ubavu kwenda upande wa chini wa jiwe. Ana mikia mitatu, au miwili kwa baadhi yao, na matamvua kando ya tumbo yanayotegemea maji yenye oksijeni nyingi. Hiyo ni familia ya Heptageniidae. Katika mfumo wa alama wa SASS5, unaopima afya ya mto kwa wadudu wake na uliotungwa Afrika Kusini, ambao Tanzania iliurekebisha kwa mito yake ukaitwa TARISS, Heptageniidae hupewa 13 na Chironomidae 2, maana alama kubwa ni ya wasiovumilia uchafu. Alama hizo hutolewa mara moja tu kwa familia, awe ameonekana mmoja au elfu. Wingi huandikwa kwenye fomu kwa herufi, lakini hauingii kwenye jumla ya alama. Jumla hiyo ikigawanywa kwa idadi ya familia, unapata wastani.

Dhana: Kila familia ina alama yake isiyobadilika popote

Alama ni makubaliano ya mfumo husika. Kereng'ende wa familia ya Libellulidae anapata 8 katika BMWP, mfumo wa alama wa Uingereza, ila 4 katika SASS5, kwa sababu jamaa zake wa kusini mwa Afrika wanaonekana hata kwenye maji yaliyochafuka. Kipimo cha Hilsenhoff cha Marekani kimegeuzwa kabisa: namba kubwa ndiyo ya wavumilivu wa uchafu. Ukichanganya majedwali mawili kwenye fomu moja, jibu lako halina maana yoyote, na hakuna hesabu itakayokuonya.

Kuna familia moja inayowaangusha wengi. Baetidae, wale wanaochomoka kwenye sinia kama visamaki, wana alama 4 ukipata aina moja, 6 ukipata mbili, na 12 zikizidi mbili. Sababu ni kwamba aina moja sugu hubaki karibu kila mahali, lakini aina kadhaa kukaa pamoja ni dalili ya maji mazuri. Hydropsychidae nao hupimwa hivyo, kwa idadi ya aina. Kwa hiyo anayeandika "Baetidae wapo" na kupita, amepoteza taarifa. Angalia milia ya mkia, umbo la matamvua na rangi ya mgongo. Huhitaji kujua jina la kila aina, unahitaji kujua tu kwamba huyu si yule.

Dhana: Tumbukiza wavu popote, mto ni mmoja

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, nami nimelifanya hili mwenyewe. SASS5 inataka makazi matatu yachukuliwe kila moja kivyake. Kwanza mawe: unasimama ukiwa umetega wavu wa fremu ya sentimita 30 na matundu ya milimita 1 upande maji yanakoelekea, unasugua na kupiga mawe kwa miguu kwa dakika 2, na mkondo unakuletea waliong'oka. Mawe yakiwa yamekazana, unaweza kufika dakika 5. Pili mimea ya kingoni: unasukuma wavu ndani yake mbele na nyuma kwa jumla ya mita 2. Tatu changarawe, mchanga na tope, dakika 1. Kila sampuli inamiminwa kwenye sinia lake na kukaguliwa kwa dakika zisizozidi 15. Dakika 5 zikipita bila familia mpya kuonekana, unaacha.

Tuseme kijito kile chenye bomba. Juu ya bomba, makazi yote matatu yamechukuliwa, zimepatikana familia 12: Perlidae 12, Heptageniidae 13, Leptophlebiidae 9, Baetidae wa aina tatu 12, Hydropsychidae wa aina mbili (wale wanaosuka vyandarua vidogo kati ya mawe) 6, Elmidae 8, Gomphidae 6, Simuliidae yaani usubi 5, Tipulidae 5, kereng'ende wembamba Coenagrionidae 4, Chironomidae 2, na minyoo 1, ambao huhesabiwa kama kundi moja. Chini ya bomba wamebaki Baetidae wa aina moja 4, Hydropsychidae wa aina moja 4, Simuliidae 5, Coenagrionidae 4, ruba 3, konokono wa Physidae 3, Chironomidae 2 na minyoo 1.

Sasa mtu mwingine anafika pale pale juu ya bomba, ana haraka, anapiga mawe tu. Anawakosa Gomphidae waliojifukia mchangani, Coenagrionidae wa kwenye majani, Tipulidae na minyoo.

| Sampuli | Jumla | Familia | Wastani |
|---|---|---|---|
| Juu, makazi yote | 83 | 12 | 6.9 |
| Juu, mawe tu | 67 | 8 | 8.4 |
| Chini, makazi yote | 26 | 8 | 3.3 |

Angalia mstari wa pili. Kazi imefanywa nusu, jumla imeshuka, lakini wastani umepanda! Wale waliokosekana ndio wenye alama ndogo, maana wadudu nyeti wengi hukaa kwenye mawe na mkondo. Anayetazama wastani peke yake atatangaza kwamba mto umepona. Anayetazama jumla peke yake atadhani kuna uchafu mpya. Namba hizi mbili husomwa pamoja, kando ya orodha ya makazi yaliyochukuliwa. Tofauti ya juu na chini ya bomba, kwa upande wake, inaaminika: makazi ni yale yale, jumla na wastani vyote vimeanguka, na walioondoka ni wanaotaka oksijeni.

Dhana: Alama kubwa maana yake maji ya kunywa, alama ndogo maana yake sumu

Heptageniidae hawajali bakteria wa kinyesi wanaomharisha mtu. Ng'ombe wachache wakinywa na kunya hapo juu, alama inaweza isitikisike. Maji ya kunywa yana vipimo vyake.

Alama ndogo nayo ina sababu nyingine zaidi ya uchafu. Mafuriko ya wiki iliyopita huwakumba wote, na kijito kilichokauka kisha kikarudi huanza na wachache wanaoruka vizuri. Mto wa mchanga mtupu hauna pa kujishikiza hata ukiwa safi. Tena alama hizi zilipangwa hasa kwa uchafu unaokula oksijeni. Dawa ya kuua wadudu ikimwagika shambani, inaweza kufuta familia nyingi bila kukuambia ni dawa gani.

Ndiyo maana sampuli moja peke yake haitoshi. Chukua nyingine juu ya unapopashuku, siku hiyo hiyo, makazi yale yale, muda ule ule wa kupiga. Kukiwa na mafuriko, sehemu zote mbili zitakuwa zimeshuka. Kukiwa na uchafu unaoingia hapo kati, ya chini ndiyo itashuka peke yake.