Sukari ya Siku ya Kliniki

Wagonjwa wangu wengi wa kisukari huanza kliniki siku tatu kabla ya kuonana nami. Wali unakoma nyumbani na chai inanywewa bila sukari. Usiku wa mwisho wengine wanalala bila kula kabisa, na wapo wanaomeza dozi mara mbili ili "kuisafisha damu". Asubuhi wanakaa kwenye benchi wakisubiri namba moja tu, ya sukari ya damu.

Ukiwauliza wanachoogopa, mara chache watautaja ugonjwa wenyewe. Wanaogopa kuulizwa "umekula nini wewe?" mbele ya foleni nzima (na ni kweli kuna wahudumu wanaouliza hivyo). Kikubwa zaidi wanaogopa sindano. Kila mtu anamjua jirani aliyeanzishiwa insulini na mwaka haukuisha akakatwa mguu. Asichoelezwa ni kwamba jirani huyo alifika kwenye insulini akiwa amechelewa, wakati mishipa na neva za miguu zilishaharibika kwa miaka.

Nichukue mfano wa mzee mmoja, ambaye maelezo yake nimeyabadilisha kidogo asitambulike. Alikuwa anatumia vidonge vya metformini na glibenklamaidi, na kwenye kadi yake sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa nzuri kila kliniki: 5.9, 6.2, 5.6. Lakini alilalamika kuwa nyayo zinawaka moto usiku, na alikuwa anaamka mara kwa mara kwenda kukojoa. Namba na mwili havikuwa vinasema jambo moja, kwa hiyo nikaagiza HbA1c.

Kipimo hicho hakijali ulikula nini jana. Sukari iliyomo kwenye damu hunata kwenye hemoglobini ya chembe nyekundu na kubaki hapo muda wote chembe ikiwa hai, yaani karibu siku 120. Kwa hiyo kinaonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, huku wiki za karibuni zikiwa na uzito zaidi. Cha mzee kilitoka asilimia 9.4, sawa na wastani wa sukari wa takriban 12. Ile 5.6 ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa sukari ya mtu ambaye hajala tangu jana mchana. Na kwa sababu kadi ilionekana nzuri, hakuna aliyekuwa amegusa dawa zake. Nyongeza moja hapa: mwenye selimundu, au aliyeongezewa damu karibuni, asikitegemee kipimo hiki, kwa sababu chembe zake haziishi muda wa kawaida au si zake zote.

Hatari nyingine ya kujinyima iko palepale kwenye benchi. Glibenklamaidi hulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Aliyeimeza alfajiri akiwa na njaa anaweza kufika saa nne sukari yake ikiwa 3. Atatoka jasho, mikono itatetemeka, moyo utamwenda mbio, naye ataamini ni woga wa daktari tu. Hilo halishangazi, maana dalili hizo katika hali zote mbili huletwa na homoni ileile, adrenalini. Mtu hawezi kuzitofautisha kwa kujisikia, lazima apime. Kama hakuna mashine karibu, ichukulie kuwa sukari imeshuka: koroga vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, anywe, na baada ya dakika 15 mwangalie tena. Aliyeanza kusinzia au asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu. Huyo anahitaji hospitali mara moja.

Mzee sikumwambia kitu kuhusu wali. Nilimwomba wiki mbili za namba za nyumbani, akila anavyokula siku zote: siku moja apime akiamka, siku nyingine saa mbili baada ya chakula cha jioni, na kila mara anawe mikono kwanza, maana maji ya embe kwenye kidole yanatosha kuipandisha namba. Nikamwambia pia kwamba mashine hizi zinaruhusiwa kukosea kwa hadi asilimia 15, kwa hiyo asikose usingizi kwa tofauti ya 8.1 na 8.8.

Akarudi na daftari. Asubuhi 10, 11, 10. Baada ya chakula cha usiku 14, 15. Alilisukuma mezani akiangalia pembeni, akasema, "Dokta, usinigombeze." Lile daftari ndilo lililonipa cha kufanya: sukari ilikuwa juu hata kabla hajala, kwa hiyo kumpunguzia wali peke yake kusingetosha. Tulianza uniti 10 za insulini ya kulalia, metformini ikabaki, glibenklamaidi ikasimamishwa ili usiku asishuke. Aliuliza kama sindano ni ya maisha. Nikamjibu kwamba huenda, na kwamba dozi tutaipanga kwa namba za daftari, si za kadi.

Miezi mitatu baadaye HbA1c ilikuwa 7.8. Asubuhi hiyo alikuwa amekunywa uji.