Swali Lilelile la Mteja, Video Moja Kila Wiki

Ninaandaa video za maduka yanayouza vifaa vya sola, na malighafi yake huipata katika WhatsApp ya duka. Kila mwisho wa wiki mimi na muuzaji hupitia ujumbe wote ulioingia, wa maandishi na wa sauti, na kila swali tukaliandika kwa maneno yaleyale ya mteja. Mteja haulizi kuhusu “uwezo wa betri”, huuliza, “Hii betri itawasha TV kwa saa ngapi?” Hivyo ndivyo atakavyotafuta YouTube, kwa hiyo hicho ndicho kichwa cha video.

Baada ya hapo tunayapanga maswali kwa kufuata kinachomkwamisha mteja. “Mbona inazima usiku mapema?” na “Niongeze paneli?” yanaonekana kuwa mambo mawili tofauti na lile la TV, lakini mara nyingi anayeuliza hajui betri yake ina umeme kiasi gani wa kutumika, na hilo linatosha video moja. Maswali ya bei hatuyarekodi, kwa sababu bei hubadilika ilhali video hubaki ikisambazwa.

Sentensi ya kwanza ya video hutoa jibu: betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100, ikiwa nzima na imejaa, itawasha TV ya wati 50 pamoja na taa nne za wati 5 kwa takriban saa saba. Ndipo muuzaji anaonyesha kibandiko cha betri na kufanya hesabu mbele ya kamera. Volti 12 mara Ah 100 ni wati-saa 1,200. Betri ya aina hii hufa mapema ikizoea kutumiwa kupita nusu, kwa hiyo tunahesabu 600. Tukikadiria kuwa inveta inapoteza asilimia 15, zinabaki 510, nazo tunazigawa kwa wati 70. Sharti la betri kuwa nzima na kujaa lazima litamkwe, la sivyo mwenye betri iliyochakaa ataichukua hesabu hiyo kama ahadi ya duka.

Ninapendelea video isizidi sekunde 90, kwa kuwa mtazamaji analipia bando. Grafu ya YouTube Studio ikionyesha watu wanaondoka katika sekunde za mwanzo, kwanza ninakagua kama salamu au nembo imetangulia jibu.

Video ikikamilika, kiungo chake tunakihifadhi katika majibu ya haraka ya WhatsApp Business, kwa mfano `/betri`, kisha tunafuatilia mteja anauliza nini baada ya kuitazama. Akirudia swali lilelile, jibu halikueleweka na tunarekodi upya. Akiuliza, “Na friji je?”, tumepata video ya wiki ijayo, kwa sababu kompresa ya friji huwaka na kuzima, na hesabu ya TV haiifai. Wiki isiyo na swali lililojirudia, tunaboresha video ya zamani. Sikubali kutunga swali ambalo hakuna mteja aliyeliuliza.