Ramani ya mgogoro: kumtafuta mhusika ambaye hatajwi

Msuluhishi anapoitwa kwenye mgogoro wa jamii, kwa kawaida hukabidhiwa hadithi iliyokwisha kupangwa: pande ni mbili, kisa ni kimoja, na kinachosubiriwa ni kikao cha kuwakutanisha wagomvi. Mimi huiandika hadithi hiyo kama nilivyoambiwa, kisha sipangi kikao chochote mpaka nimechora ramani ya mgogoro, yaani mchoro unaoonyesha wahusika, mahusiano yao, mambo wanayoyagombania, na wale wasiotajwa na mtu ingawa mgogoro hauwezi kwisha bila wao. Nitaeleza zaidi habari ya hao wa mwisho, kwa sababu mara nyingi ndio wanaobadilisha uamuzi wa mahali pa kuanzia.

Mfano nitakaoutumia nimeuunga kutokana na migogoro kadhaa ya aina moja, ili asitambulike mtu yeyote. Kuna skimu ndogo ya umwagiliaji yenye mfereji mmoja. Wakulima wa juu wako karibu na banio, yaani mahali maji yanapoingizwa mferejini, wa chini wako mwisho wa mfereji. Wa chini wanalalamika kwamba wenzao hufungulia maji usiku nje ya zamu, na wa juu wanajibu kwamba wa chini hawajitokezi siku ya kusafisha mfereji. Kufuli la lango limevunjwa, watu wamepigana, na kamati ya maji inaomba usuluhishi ufanyike katika mkutano wa hadhara chini ya mwenyekiti wake.

Naanza kwa penseli na karatasi kubwa. Kila mhusika anapewa duara, na ukubwa wa duara unaonyesha uwezo wake wa kuathiri jambo hili mahususi, si utajiri wake wala cheo chake kwa ujumla. Mstari mnyoofu ni uhusiano wa kawaida, mistari miwili sambamba ni ushirika imara, mstari wa nukta ni uhusiano dhaifu au wa mara moja moja, na mstari wa zigizaga ni ugomvi. Mshale unaonyesha shinikizo linatoka kwa nani kwenda kwa nani, na jambo linalogombaniwa naliandika ndani ya kisanduku. Wataalamu hawatumii alama zilezile, kwa hiyo ufafanuzi wa alama uwekwe kwenye kona ya karatasi, pamoja na tarehe, kwa kuwa ramani ya mgogoro huchakaa upesi.

Ramani ya kwanza, ile ya hadithi niliyopewa, huwa na maduara matatu tu: wa juu, wa chini, na kamati katikati. Hapo ndipo ninapouliza swali la kuvunja makundi: je, kila aliyemo ndani ya duara hili anapata au anapoteza kitu kilekile? Jibu likiwa hapana, duara ligawanywe. Kwenye skimu yetu, duara la “wakulima wa juu” lilikuwa na watu wa aina mbili wasiofanana hata kidogo, yaani wenye mashamba wanaolima wenyewe, na wakulima waliokodi mashamba kwa msimu kutoka kwa wamiliki wanaoishi mbali. Ramani yenye maduara ya “jamii”, “vijana” au “wazee” peke yake bado haijaanza kueleza lolote, kwani hakuna mgogoro unaopiganwa na jamii nzima kwa nia moja.

Mwanasosholojia wa Kimarekani Paul Wehr, ambaye mwongozo wake wa mwaka 1979 bado ni msingi wa kazi hii, aliwapanga wahusika kwa ukaribu wao na ugomvi: wale wanaogombana moja kwa moja, wale ambao matokeo yanawagusa bila wao kuwa uwanjani, na watu wa tatu wenye nia ya kuona mgogoro unamalizika. Mpangilio huo unanifaa sana, lakini uzoefu wangu ni kwamba mhusika aliyefichika hapatikani kwa kukaa na kujiuliza ni nani mwingine anayeguswa. Anapatikana kwa kuchukua tendo moja la kweli na kulifuata nyuma hatua kwa hatua.

Tendo hapa ni lango kufunguliwa usiku. Aliyelifungua ni kibarua. Aliyemtuma ni mkulima aliyekodi shamba. Swali linalofuata si “kwa nini anaiba?” bali “kwa nini usiku ule, na kwa nini msimu huu kuliko misimu iliyopita?” Jibu likawa kwamba mnunuzi wa mboga aliwapa wakulima hawa mbegu na mbolea kwa mkopo, na lori lake huja siku moja tu katika wiki. Wote wamepanda zao moja kwa wakati mmoja, wote wanahitaji maji siku zilezile kabla ya lori kufika, na atakayekosa mzigo anabaki na deni. Mnunuzi huyo hakutajwa katika lalamiko lolote la upande wowote, wala hana ugomvi na mtu, lakini ratiba ya lori lake ndiyo iliyoipindua ratiba ya zamu.

Nikauliza swali la pili: yule anayevunja zamu anaadhibiwaje? Katiba ya chama cha watumiaji maji ilimtambua mwenye shamba peke yake kuwa mwanachama. Faini ilipotozwa iliandikwa kwa jina la mmiliki aliye mbali, ambaye hakuwahi kuvunja zamu, huku mkodishwaji anayetumia maji akiwa hana kura, hana faini, wala hana hakika ya kupata shamba lile msimu ujao. Kwa hiyo kanuni zilizokuwa zikinukuliwa kila siku hazikuwa na nguvu yoyote juu ya mtu aliyekuwa akiyatumia maji. Wamiliki hao wakaingia kwenye ramani kama kivuli, ambayo ndiyo alama ninayoitumia kwa mhusika asiyekuwepo uwanjani lakini uamuzi wake unafika uwanjani.

Lazima niseme kwamba aliyefichika si lazima awe na hila. Neno “kufichika” huwafanya watu wamtafute mchochezi, na wakati mwingine yupo kweli, lakini mara nyingi zaidi ni mtu ambaye hajui kuwa amo, au ambaye hakuna aliyefikiria kumuuliza. Kwenye mfereji huu, wanawake wa pande zote mbili waliokuwa wakichota maji ya matumizi ya nyumbani hawakuwa na duara kabisa katika hadithi ya mwanzo. Wao hawahitaji zamu, wanahitaji maji kidogo yasiyokatika. Tena wengi wao walikuwa katika kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, ambacho kiliendelea kukutana hata baada ya watu kupigana. Hivyo mstari mnyoofu ukapatikana kati ya juu na chini, mahali ambapo kila mtu alikuwa amechora zigizaga peke yake. Ramani isiyoonyesha uhusiano wowote mzuri kati ya pande mbili zinazoishi pamoja karibu kila mara inadai kazi zaidi.

Kisha nikaomba kila upande uchore ramani yake bila kuona ya wenzao. Wa juu waliiweka kamati katikati, kwa mistari minyoofu inayolingana. Wa chini waliichora kubwa na kuiunganisha na wa juu kwa mistari miwili, wakaeleza kwamba shamba la mwenyekiti liko juu na kwamba mgawa maji, ambaye posho yake huchelewa, hupewa mazao na watu wa juu. Sikuwa na haja ya kuamua nani amechora kweli. Tofauti yenyewe ilitosha kunijulisha kwamba kamati ni mhusika katika mgogoro, na kwamba mwenyekiti akiongoza kikao wa chini watahudhuria kwa mwili tu. Mtu mmoja, mgawa maji wa zamani aliyekwisha kustaafu, aliunganishwa kwa mstari mnyoofu katika ramani zote mbili.

Visanduku vya mambo yanayogombaniwa nilivitenganisha kwa aina, maana kila aina ina tiba yake. Swali la kiasi gani cha maji kinafika chini ni la ukweli, na hujibiwa kwa kuchomeka kijiti chenye alama ndani ya mfereji na kusoma kina mbele ya mashahidi wa pande zote. Swali la nani apate maji lini ni la masilahi: wa chini walidai nusu ya maji, lakini walichokihofia hasa ni mahindi kukauka wakati wa kutoa maua, na hicho ni kipindi kifupi kinachoweza kulindwa ndani ya ratiba. Lile la kudharauliwa, lililotajwa kila mara na watu wa chini, halipimiki kwa kijiti wala kugawanywa kwa zamu, na lilihitaji kusikilizwa peke yake.

Mimi pia nimo kwenye karatasi. Niliitwa na kamati, na kwa sababu hiyo mstari kutoka kwao kuja kwangu ulionekana na watu wa chini kabla sijafungua kinywa. Karatasi yenyewe nayo ina hatari yake: natumia herufi badala ya majina, sikubali ipigwe picha, na jambo nililoambiwa kwa siri haliingii katika ramani itakayoonwa na wengine. Ilikuwa hivyo kwa mazao anayopewa mgawa maji, ambayo yalibaki katika nakala yangu.

Baada ya yote haya, mkutano wa hadhara uliahirishwa. Hatua ya kwanza ikawa mazungumzo na mnunuzi kuhusu kuchukua mzigo kwa siku mbili tofauti, ili wakulima wa juu wagawanyike makundi mawili ya upanzi. Ya pili ikawa wamiliki na wakulima waliokodi mashamba yao kukubaliana kwamba atumiaye maji ndiye awajibike kwa zamu na usafi wa mfereji, na apewe kura. Kikao cha pande mbili kikawa hatua ya tatu, kikiongozwa na yule mzee mgawa maji, kikiwa na wawakilishi wa kikundi cha akina mama, na vipimo vya kijiti vikiwa mezani. Kama vipimo hivyo vingeonyesha kwamba banio lenyewe haliingizi maji ya kutosha, kazi ingekuwa ya fundi kabla ya kuwa yangu, kwa kuwa ramani haiongezi maji.

Ramani ichorwe upya baada ya kila hatua. Mnunuzi alipokubali siku ya pili, mshale wake kwa wakulima wa juu ulipungua, lakini duara jipya likatokea: baadhi ya wakulima wa chini, walipoona anasikilizika, walianza kumwomba nao mbegu na mbolea za mkopo. Mboga zao zingetaka maji yaleyale katika siku zilezile za lori. Jambo hilo nililiandika katika kisanduku chake na kulipeleka kwenye kikao cha pande mbili likiwa la kwanza kujadiliwa, kabla ya ratiba mpya ya zamu kutiwa saini.