Malalamiko kazini: anza kuhesabu kutoka siku ya 60

Kampuni nyingi ninazozitembelea zina utaratibu wa malalamiko ulioandikwa vizuri kwenye kitabu cha kanuni za kazi. Kasoro huwa kwenye tarehe. Utasoma kwamba lalamiko "litashughulikiwa kwa wakati", na wakati huo hautajwi popote.

Kwa Tanzania bara pengo hilo linamgharimu mfanyakazi. Kwa kanuni za mwaka 2007, mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ina siku 60 tangu ilipoanza. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, ila lazima atoe sababu za msingi, na kusema "nilikuwa nasubiri jibu la bosi" si sababu ya kuitegemea. Kwa hiyo anayeandaa utaratibu wa ndani aanzie siku ya 60 na kurudi nyuma, mpaka ahakikishe jibu la mwisho linatoka mfanyakazi akiwa bado na muda wa kwenda mbele.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mpakiaji katika kiwanda cha unga analipwa shilingi 390,000 kwa mwezi, kwa wiki ya saa 45, sawa na takribani shilingi 2,000 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 3,000. Tarehe 30 Aprili anapokea slipu ya mshahara na kukuta saa 14 za ziada hazimo. Anadai 42,000. Kwa usalama tuhesabu kuanzia siku ya slipu, maana pande mbili zinaweza kubishana mgogoro ulianza lini hasa. Siku ya 60 ni tarehe 29 Juni.

Tarehe 5 Mei anawasilisha lalamiko. Anayelipokea analiandika kwenye daftari na kumpa papo hapo nakala yenye namba, tarehe na saini. Bila karatasi hiyo, wiki tatu baadaye ataambiwa hakuna aliyemwona. Jibu la kwanza litoke ndani ya siku 10, tarehe 15 Mei. Asiporidhika ana siku 5 za kukata rufaa kwa meneja ambaye hakuhusika na uamuzi wa kwanza, naye meneja ana siku 10. Tarehe 30 Mei kila kitu kimekwisha, na mfanyakazi amebakiwa na siku 30. Utaratibu uandike pia kwamba siku zikipita bila jibu, lalamiko linapanda ngazi lenyewe. Aliyeachishwa kazi asipitishwe huku kabisa, kwa sababu ratiba hii ingemla karibu siku zake zote.

Jibu lenyewe liwe la namna hii: "Ulidai saa 14. Tumelinganisha daftari la getini na ratiba ya zamu, tumekuta saa 11. Utalipwa 33,000 pamoja na mshahara wa Mei. Saa 3 za tarehe 18 Aprili tumezikataa kwa sababu daftari linaonyesha ulitoka saa kumi jioni. Ukiwa na ushahidi mwingine, ulete kwenye rufaa, mwisho tarehe 20 Mei." Hapo mtu anajua apinge nini. Barua ya "suala lako limefanyiwa kazi" haimwachii cha kukatia rufaa.

Usalama ni mgumu kuliko tarehe. Ikiwa aliyefuta zile saa ni msimamizi wa zamu, na fomu inapitia mezani kwake, hakuna atakayeijaza. Wapokeaji wawe angalau wawili wa idara tofauti, mmoja akiwa mwanamke, na mfanyakazi achague mwenyewe. Aruhusiwe kuja na mwenzake au kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Sanduku la maoni silipingi, ingawa nimeshayaona yaliyotundikwa mlangoni kwa ofisa utumishi. Lalamiko lisilo na jina linaweza kufichua tatizo la idara nzima, lakini dai la saa 14 haliwezi kukaguliwa bila kujua ni saa za nani. Mlalamikaji aambiwe mapema nani atalijua jina lake na kwa nini, asije akaahidiwa siri isiyowezekana katika zamu ya watu sita.

Kisasi hakiji kwa barua ya onyo. Huja kwa kuhamishiwa zamu ya usiku, kunyimwa saa za ziada, mkataba wa muda kutohuishwa. Ndiyo maana ofisa utumishi aweke nakala ya ratiba ya mlalamikaji siku lalamiko linapopokelewa, kisha ailinganishe na ya mwezi mmoja na ya miezi mitatu baadaye. Yakionekana mabadiliko, msimamizi ndiye aeleze sababu kwa maandishi, na maelezo hayo yaingie kwenye jalada lilelile la lalamiko.