6174: kijiweni wanasema uchawi, hesabu inasema mapengo mawili tu

Hii kitu inazunguka sana huku Mtwara, ukikaa kijiwe chochote cha boda lazima utamkuta mtu na kalkuleta ya simu anawaambia wenzake "chagua namba ya tarakimu nne, zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, halafu zigeuze, toa, rudia, utaishia 6174". Na kweli unaishia hapo. Shida ni maelezo yanayofuata, maana kila mtu ana yake.

Cha kwanza wanasema inakubali namba YOYOTE. Hapana bana. 7777 ukiigeuza ni 7777 ile ile, ukitoa unapata sifuri na mchezo umeisha. Lazima ziwepo angalau tarakimu mbili tofauti. Halafu kuna wanaobisha kwa 2111, wanasema 2111 − 1112 = 999, tukitoa tena 999 − 999 ni sifuri, "mbona imekataa?" Haijakataa, umeidondosha sifuri ya mbele. Andika 0999 maana tunacheza na tarakimu nne muda wote, ukienda 9990 − 0999 unapata 8991, kisha 8082, kisha 8532, kisha hiyo hapo 6174.

Dhana ya pili ndo imeenea zaidi, kwamba siri ni 9 kwa sababu kila jibu linagawanyika kwa 9. Ni kweli linagawanyika, ila hiyo haielezi kitu, namba za tarakimu nne zinazogawanyika kwa 9 zipo 1000 nzima, kwa nini tuishie kwenye moja?

Jibu lipo kwenye kutoa kwenyewe. Tuchukue 1905, mwaka Majimaji ilipoanzia kule milima ya Matumbi, Kilwa. Zipange: 9510, toa 0159. Angalia 9 na 0, zile za pembeni: kwenye namba kubwa 9 ipo nafasi ya maelfu na kwenye ndogo ipo nafasi ya mamoja, sifuri kinyume chake, kwahiyo kilichobaki ni tofauti yao mara 999. Zile za katikati, 5 na 1, zinabadilishana mamia na makumi, inabaki tofauti yao mara 90. Yaani pengo la nje ni 9, pengo la ndani ni 4, na 999 × 9 + 90 × 4 = 9351. Basi, tarakimu zenyewe hazina kazi tena, ni mapengo mawili tu yanayoamua jibu!

Sasa pengo la nje linaanzia 1 mpaka 9, na la ndani haliwezi kulizidi la nje, ukihesabu jozi zote zinazowezekana ni 54 tu. Namba 9990 zinazoruhusiwa zote zimebanwa humo kwa hatua moja. Tuendelee na 1905 yetu, 9351 ina mapengo 8 na 2, inatoa 8172, hiyo ina 7 na 5, inatoa 7443, kisha 4 na 0 inatoa 3996, kisha 6 na 3 inatoa 6264, kisha 4 na 2 inatoa 4176, kisha 6 na 2 inatoa 6174. Na 6174 yenyewe ukiipanga ni 7641, mapengo yake ni yale yale 6 na 2, ndo maana haitoki tena. Hizo ni hatua 7, na hakuna namba inayozidisha hapo.

Kwahiyo sio mizimu na wala sio namba ya bahati ya kubeti (nimesikia hiyo pia, aisee). Aliyeigundua ni mwalimu wa shule kule Devlali, India, anaitwa Kaprekar, mwaka 1949. Na wanaotafuta sababu moja kubwa iliyojificha wanajisumbua: jozi zikiwa chache hivyo mwendo wowote lazima uanze kujirudia, ama kwenye namba moja ama kwenye mzunguko. Kwenye tarakimu nne ukizikagua zote 54 hakuna mzunguko hata mmoja, na jozi inayojizaa yenyewe ni 6 na 2 peke yake. Huo ukaguzi ndo uthibitisho, unatosha kufanya kwa daftari jioni moja.

Ndo maana pia wanaosema "hata tarakimu tano inakubali" wanadanganya. Tatu inakubali, jaribu na zile za pleti ya boda yako, utaangukia 495. Mbili haikubali, inazunguka 81, 63, 27, 45, 09 na kurudi 81. Tano nayo ni hivyo hivyo, anza na 53955 uone: 95553 − 35559 = 59994, halafu 99954 − 45999 = 53955, umerudi ulipoanzia na utazunguka hapo mpaka chaji iishe.