Idi Inahama: Jinsi ya Kulinganisha Mauzo ya Wiki Hii na ya Mwaka Jana

Wauza nguo za watoto wengi hutuletea muhtasari wa mauzo wakiwa na hofu baada ya Idi. Tuchukue mfano wa duka moja la Dar es Salaam. Wiki ya Machi 31 hadi Aprili 6, 2025 liliuza shilingi 3,100,000. Wiki kama hiyo mwaka 2024, Aprili 1 hadi 7, liliuza 8,400,000. Ukiangalia hapo tu, mauzo yameanguka kwa asilimia 63, na mwenye duka anaanza kufikiria kupunguza mfanyakazi.

Kwa upande wa siku, ulinganisho huo hauna kosa. Amerudi nyuma siku 364, yaani wiki 52 kamili, hivyo Jumatatu imekutana na Jumatatu na Jumamosi na Jumamosi. Angerudi siku 365, kila siku ingelinganishwa na siku nyingine ya wiki. Kwenye jedwali la kompyuta, ikiwa tarehe iko A2, fomula ni hii:

```
=A2-364
```

Tatizo ni mwezi. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takribani siku 11, kwa hiyo Idi el-Fitri iliyosaliwa Aprili 10, 2024 ilirudi hadi Machi 31 mwaka 2025. Wiki ya kwanza ya Aprili 2024 wazazi walikuwa bado wanahangaikia nguo za sikukuu. Mwaka uliofuata, wiki hiyo watoto walikuwa wameshazivaa.

Hapa hesabu ianzie kwenye sikukuu yenyewe. Chukua siku saba za kabla ya Idi kila mwaka: Aprili 3 hadi 9, 2024, na Machi 24 hadi 30, 2025. Duka letu la mfano liliuza 9,000,000, kisha 9,450,000. Kumbe limepanda kwa asilimia 5.

Usishangilie kabla hujahesabu nguo zenyewe. Bei ya wastani ilikuwa 20,000, ikawa 21,000. Gawanya, utapata nguo 450 miaka yote miwili. Kilichopanda ni bei, nguo zilizouzwa hazikuongezeka, na hilo ndilo la kumshughulisha mwenye duka anapoagiza mzigo ujao.

Bado kuna jambo moja ambalo njia hii hailiondoi: mshahara. Siku saba za 2024 ziliangukia mwanzoni mwa mwezi, za 2025 mwishoni, na wateja wengine walikuwa hawajalipwa. Ndiyo maana napenda pia kujumlisha msimu mzima, kuanzia siku ya kwanza ya Ramadhani hadi wiki moja baada ya Idi, kwa sababu aliyechelewa kununua wiki moja huonekana wiki nyingine. Na daftarini, pembeni ya kila tarehe, andika sikukuu iliyokuwapo. Mwakani hutakumbuka kwamba Aprili 1, 2024 ilikuwa pia Jumatatu ya Pasaka.